Neno moja, masikio mawili: kuchagua maneno ya dini kwa hadhira mchanganyiko

Miaka michache iliyopita niliombwa kuinyoosha barua ya kikundi cha kusaidiana. Wanachama wake ni Wakristo wa madhehebu kadhaa, Waislamu, na wachache wanaofuata dini ya jadi ya wazee wao. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba mfuko wa kuwasaidia wagonjwa umepungua, kisha ikamalizia hivi: "Kila mwenye uwezo atoe zaka yake kwa moyo mkunjufu kabla ya mwisho wa mwezi." Nikapanga upya vituo, nikabadilisha neno moja au mawili, nikairudisha. Sikuona kasoro.

Siku chache baadaye mweka hazina aliniita. Wanachama wawili walikuwa wamemwendea, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza, Mkristo, alisema zaka yake huipeleka kanisani na hawezi kuitoa mara mbili. Wa pili, Mwislamu, alisema mwaka wa mali yake haujatimia, na hata ungetimia, mfuko unaomsaidia mwanachama yeyote, hata aliyejaliwa mali, si mahali pa kuweka zaka. Hakuna aliyeuliza zaka ni nini. Wote wawili walijua, na kila mmoja alijua kitu chake.

Tangu siku ile nimekuwa naogopa maneno ya dini yanayoeleweka na kila mtu kuliko yale yasiyoeleweka. Neno geni humfanya msomaji asimame aulize. Neno la pamoja humfanya aitikie kwa kichwa, aendelee kusoma, na aondoke na maana ambayo mwandishi hakuikusudia. Kwa hiyo anayeandikia hadhira mchanganyiko, kabla ya kujiuliza kama neno ni la asili au la kukopa, ajiulize ni nani wamelishika tayari, na wakilisikia watafanya nini.

Kwa nini Kiswahili kina maneno mengi yenye wenyewe wawili

Hali hii ina historia. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na baadaye mmisionari mwenzake Steere alipofanya kazi yake ya tafsiri Zanzibar, walikikuta Kiswahili kimeishi na Uislamu kwa karne nyingi. Maneno ya kuzungumzia ibada yalikuwepo tayari, mengi yakiwa yametoka Kiarabu: imani, dhambi, toba, neema, baraka, sadaka, ibada, Injili, shetani. Hawakuwa na sababu ya kubuni mapya. Waliyachukua wakayapa kazi ya Kikristo. Kufikia 1952, ilipotoka Biblia ya tafsiri ya pamoja ambayo Waprotestanti wengi wanaitumia hadi leo, matumizi hayo yalikuwa yamekwisha kukita mizizi.

Pembeni yake yapo maneno yaliyokuja na Ukristo wenyewe kutoka Ulaya, kama padre, ambalo ni la Kireno. Tena yapo ya Kibantu yaliyokuwepo kabla ya dini zote mbili: Mungu, mbingu, tambiko, mzimu, na kitenzi kutakata kilichotupatia mtakatifu. Mtu anayesema atatumia "Kiswahili chetu tu, bila maneno ya kukopa" hatafika mwisho wa sentensi yake ya kwanza. Neno dini lenyewe ni la kukopa. Ninachokipima mimi ni hiki: neno limekopwa, sawa, lakini linaishi nyumba ngapi?

Zaka, kwa hesabu

Nirudi kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Kwa Mkristo, zaka ni sehemu ya kumi. Maneno ya nabii Malaki, "Leteni zaka kamili ghalani," amewahi kuyasikia akiwa kanisani. Si kila kanisa linalodai kumi kamili, na wapo wanaoliita "fungu la kumi" ili kiwango kisisahaulike, lakini wazo ni hilo: unachukua mapato yako, unatenga sehemu, unaipeleka kanisani. Anayepokea 600,000 kwa mwezi atafikiria 60,000, na mwezi unaofuata 60,000 nyingine.

Kwa Mwislamu, zaka ni nguzo, na hesabu yake inaanzia mahali pengine kabisa. Hatazami kwanza kilichoingia mwezi huu, anatazama kilichokaa. Mali ikifika kiwango kinachoitwa nisabu na ikatimiza mwaka mmoja wa mwandamo mikononi mwake, anatoa moja ya arobaini. Nisabu ya dhahabu huhesabiwa kuwa gramu 85. Mwenye gramu 100 alizoziweka akiba mwaka mzima atatoa gramu mbili na nusu. Mwenye gramu 80, kama hana mali nyingine ya kujumlisha, hadaiwi kitu, na akitoa, alichotoa ni sadaka. Tena wapokeaji wa zaka si yeyote tu. Qurani, katika Surat At-Tawba aya ya 60, imetaja makundi manane, wakiwemo mafukara, masikini, wenye madeni na msafiri aliyekwama, na wanazuoni wengi hawakubali zaka igeuzwe kuwa fedha ya shughuli za jumla.

Kwa hiyo neno moja limebeba viwango viwili, vipindi viwili na wapokeaji tofauti. Barua yangu haikuwa na utata wa lugha hata kidogo. Sarufi yake ilikuwa safi. Ilichofanya ni kumwambia mtu mmoja "toa kumi ya mapato yako, lakini usiipeleke kanisani," na mwingine "toa nguzo ya dini yako mahali ambapo haitapokelewa." Nikiwaza hivyo, naona walikuwa waungwana kwa kwenda kuuliza kimyakimya.

Kuna jambo dogo linalonivutia hapa. Katika mazao ya shamba linalonyeshewa na mvua, zaka ya Mwislamu nayo ni moja ya kumi, na kwa shamba la kumwagilia kwa gharama ni nusu yake. Neno ushuru, tunaloliita leo kodi ya bidhaa, lina uhusiano na neno la Kiarabu la sehemu hiyo ya kumi. Anayetafuta ujamaa wa maneno ataupata. Lakini ujamaa wa maneno hausaidii chochote pale mtu anapotaka kujua atoe nini na lini.

Sasa, ningeandika nini? Neno la kwanza lililonijia lilikuwa sadaka, kwa kuwa linasikika pande zote mbili kama kitu kinachotolewa kwa hiari kwa ajili ya Mungu. Ni neno jepesi kuliko zaka, lakini nalo lina mizigo. Mkristo wa ibada ya Jumapili anaona kapu linalopita kati ya viti. Msomaji wa Agano la Kale anaweza kuona sadaka ya kuteketezwa, yaani mnyama juu ya madhabahu. Mwislamu anaona tendo jema linaloweza kuwa hata tabasamu. Na mwanachama asiye wa dini hizo mbili anaona kwamba barua haikuandikwa kwa ajili yake.

Neno la pili lilikuwa mchango. Hili halina mizigo ya ibada, na hapo ndipo faida yake ilipo na ndipo hasara yake ilipo. Faida ni kwamba kila mtu anaelewa kitu kimoja. Hasara ni kwamba anayetaka tendo lake lihesabiwe mbele ya Mungu anahisi amepunguziwa, kana kwamba tumemwomba nauli. Nilichojifunza ni kwamba neno la kawaida lichukue kazi ya kuomba, na neno la dini libaki kwa mtoaji mwenyewe, katika nia yake. Barua niliyoiandika upya nitaiweka mwishoni.

Pale ambapo kiambishi kimoja kinatosha

Si kila neno la nyumba mbili linahitaji kuachwa. Mengine yanahitaji tu kuonyeshwa ni la nani.

Chukua mtume. Ni neno la Kibantu lisilo na shaka, kutoka kutuma. Mwislamu akisikia "Mtume amesema," bila jina, anamjua ni nani, na pengine midomo yake itamswalia papo hapo. Mkristo akisikia mitume anaona wale kumi na wawili waliotumwa na Yesu, na Paulo baada yao. Kwa Mwislamu, mtume amepokea ujumbe kutoka kwa Mungu, na Muhammad ndiye wa mwisho. Kwa hiyo msemaji akisema "Mtume Paulo anatufundisha" mbele ya watu wa dini zote mbili, upande mmoja unasikia cheo cha kawaida na upande mwingine unasikia dai zito sana. Kadiri viongozi wa makanisa mbalimbali wanavyojiita mtume au nabii siku hizi, mshtuko huo unazidi.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usiliache neno peke yake. Andika "Mtume Muhammad" mara ya kwanza, si "Mtume" tu. Andika "mitume wa Yesu" au "Paulo, mmoja wa mitume katika mapokeo ya Kikristo." Ile "wa" ndogo inamwambia msomaji kwamba mwandishi anajua kuna matumizi mengine, na kwamba hapa anazungumza kwa lugha ya nyumba fulani. Sijaona mtu aliyekasirishwa na "mitume wa Yesu."

Pepo nalo linafundisha, kwa namna yake. Tukisema "Mungu amjalie pepo," tunamwombea marehemu makao mema. Tukisema "ana pepo," tunasema amepagawa. Maana hizi mbili ziko mbali kama ardhi na mbingu, na bado neno ni lilelile. Wakristo wengi, hasa wa makanisa yanayofanya maombi ya kufungua watu, hulisikia zaidi kwa maana ya pili. Waislamu hulisikia zaidi kwa maana ya kwanza. Lakini lugha imejilinda. Sarufi yenyewe inatofautisha: pepo ya milele, kwa makao, pepo mchafu ametoka, kwa kiumbe. Na ikishaingia -ni mwishoni, peponi, hakuna anayefikiria mashetani. Ndiyo maana sentensi "Mungu amlaze mahali pema peponi" imepita katika matanzia ya watu wa kila namna bila kugombaniwa sana, na Biblia ya 1952 nayo ina Yesu akimwambia yule mhalifu, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Kwa hadhira mchanganyiko naandika peponi na kuacha pepo. Mbinguni pia linafaa, ingawa kwa masikio mengi lina sauti ya Kikristo zaidi.

Majina ya watu watakatifu yanafuata njia hiyohiyo. Ibrahimu, Musa, Daudi, Nuhu, Ayubu na Yusufu ni mali ya wote, na si lazima kuyagusa. Kwa Yesu na Isa, au Yohana Mbatizaji na Yahya, mimi hutumia jina la wale ambao imani yao inaelezwa: "Wakristo huamini kwamba Yesu alifufuka," "Waislamu humheshimu Nabii Isa, mwana wa Maryamu." Pale aya moja inapozungumzia pande zote mbili, naandika mara moja tu "Yesu, ambaye Waislamu humwita Nabii Isa," kisha naendelea na jina moja. Kuandika "Yesu/Isa" kwa mkwaju kila mstari kunachosha macho, na nadhani kunamfanya kila upande ahisi jina lake limewekwa pale kwa huruma.

Maneno ya asili yaliyotiwa doa

Nilisema wachache katika kikundi kile wanafuata dini ya jadi. Kwao tatizo si neno kuwa na wenyewe wawili. Tatizo lao ni kwamba maneno yao yameishi kwa muda mrefu midomoni mwa watu wasioyapenda.

Mzimu, kwa anayefanya tambiko, ni mzee wa ukoo aliyetangulia, mwenye jina, mwenye watoto waliobaki, anayestahili kukumbukwa. Kwa msikilizaji wa mahubiri, mizimu ni giza. Katika mazungumzo ya kawaida mzimu ni kitu kinachotisha watoto usiku. Mwandishi anayeandika "wanaabudu mizimu" anadhani ametoa taarifa, kumbe ametoa hukumu, na tena hukumu ambayo wahusika wanaikana, kwa sababu wengi wao husema hawaabudu, wanaheshimu na kuomba wawaombee. Vivyo hivyo ushirikina. Asili ya neno hili ni kumshirikisha Mungu na kingine, hoja nzito ya kitheolojia katika Uislamu. Leo magazeti hulitumia kwa uchawi, hirizi, ramli na chochote ambacho mwandishi hakielewi. Sioni nafasi ya neno hilo katika maandishi ya hadhira mchanganyiko, ila pale unapomnukuu mtu au unapoeleza fundisho la Kiislamu lenyewe. Upagani naliweka katika kapu hilohilo.

Hapa maelezo ya kawaida ndiyo yanayosaidia kuliko neno lolote. John Mbiti, mwanazuoni na kasisi wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alikutana na shida hiihii alipoandika kuhusu dini za Kiafrika. Aliona kwamba kuziita "ibada za mababu" kunapotosha, akachagua kuwazungumzia marehemu wanaokumbukwa bado kwa majina yao kama wafu walio hai. Lilikuwa ni fungu la maneno la maelezo, si neno la jadi wala la kukopa, na lilibeba wazo ambalo neno lililozoeleka lilikuwa limelifukia: kwamba mtu aliyekufa anaendelea kuwa mmoja wa familia maadamu yupo anayemkumbuka. Kwa Kiswahili mimi huandika "wazee wa ukoo waliotangulia." Ni refu, lakini halimtishi Mkristo, halimuudhi Mwislamu, na mwenyewe anajitambua ndani yake. Tambiko naliacha lilivyo, kwa kuwa wahusika wenyewe wanalitumia bila aibu, ila naongeza kinachofanyika: "tambiko, ambapo wanaukoo hukusanyika, huwataja waliotangulia na kuomba heri."

Maelezo nayo yana upande

Ukifika hapa unaweza kuamua: basi tuache maneno ya dini, tueleze kila kitu kwa maneno ya kawaida. Nilijaribu. Niligundua kwamba maelezo yanaweza kuegemea upande mmoja kuliko hata neno lenyewe, tena kwa siri zaidi, kwa kuwa yanaonekana hayana itikadi.

Mfano ni Ekaristi. Mwislamu au mtu wa dini ya jadi huenda hajui ni kitu gani, na hata Mkristo wa kanisa lingine huliita Meza ya Bwana, Chakula cha Bwana au Ushirika Mtakatifu. Niliwahi kuandika: "Ekaristi, yaani kula mkate na kunywa divai kwa ukumbusho wa Yesu." Nilijiona nimeeleza vizuri. Msomaji Mkatoliki aliyeipitia kazi hiyo kwa ajili yangu alilipigia mstari neno moja tu: ukumbusho. Kwake, Yesu yupo kweli katika maumbo ya mkate na divai, na kusema "ukumbusho" na kuishia hapo ni kufundisha mafundisho ya Waprotestanti kadhaa bila kuwataja. Neno lenyewe limo katika Injili, lakini kwa kulifanya ndilo maelezo yote nilikuwa nimechagua upande katika mjadala wa karne kadhaa.

Tangu hapo naanza na kinachoonekana kwa macho, yaani kile ambacho mtu aliyesimama mlangoni angekiona bila kuamini chochote. Kisha ndipo naweka imani, nikiipa wenyewe: "Ekaristi ni ibada ambayo Wakristo hupokea mkate na divai vilivyowekwa wakfu. Wakatoliki huamini kwamba vimekuwa mwili na damu ya Yesu. Kwa Waprotestanti kadhaa ni ukumbusho wa kifo chake." Sentensi tatu badala ya nusu sentensi. Naona ni gharama inayostahili.

Kufunga nako ni hivyo. "Kufunga ni kutokula kutwa nzima" ni maelezo ya funga ya Ramadhani, ambapo mtu hali wala hanywi, hata maji, tangu alfajiri hadi jua lizame. Mkatoliki kwenye Jumatano ya Majivu anaruhusiwa mlo mmoja kamili na anakunywa maji. Mwenye kuandaa ratiba ya mkutano akiandika "waliofunga hawatahitaji chochote mchana" amewaelezea baadhi tu ya wafungaji. Neno kufunga linaweza kubaki kwa wote, ni neno zuri na la wote kweli. Kinachotakiwa ni kusema nani anajizuia na nini, kuanzia saa ngapi.

Jinsi ya kujua kabla ya kuchapa

Zamani nilikuwa nikimpa mtu andiko na kumuuliza, "Limeeleweka?" Kila mtu hujibu ndiyo. Wale wanachama wawili wangejibu ndiyo kuhusu zaka, na wangekuwa wakweli. Swali linalofaa ni jingine: "Ukisoma hivi, utafanya nini?" au, kama andiko ni la kueleza tu, "Nieleze mtu huyu anafanya nini, kwa maneno yako." Unampa msomaji mmoja wa kila upande, kila mmoja akiwa peke yake, maana wakiwa pamoja wa pili humfuata wa kwanza kwa heshima. Majibu yakitofautiana kuhusu kiasi, wakati, au nani anahusika, neno lina wenyewe wawili. Yakilingana lakini mmoja akajibu kwa kusitasita, au akalikwepa neno lako na kuweka lake, neno lina doa kwake.

Watatu wanatosha mara nyingi. Mmoja asiwe shehe, padre wala mchungaji. Viongozi hawa hujua matumizi ya pande zote na huyasamehe haraka. Muumini wa kawaida ndiye atakayekuonyesha barua yako itasomwaje.

Njia hii ina mpaka wake. Haisaidii andiko linalokusudiwa watu wa imani moja, na sipendi kuona mahubiri au hotuba ya ijumaa imesafishwa mpaka imebaki bila ladha eti kwa kuwa jirani anaweza kusikia. Mtu akiwa nyumbani kwake aseme maneno ya nyumbani. Pia haiondoi tofauti zenyewe. Mwislamu na Mkristo hawatakubaliana kuhusu nani ni mtume kwa sababu mhariri ameweka "wa" mahali pake. Watajua tu kwamba wanatofautiana juu ya jambo lilelile, wala si kila mmoja juu ya lake.

Hii ndiyo barua ya kikundi kama ilivyotoka mara ya pili, baada ya kusomwa na watu watatu:

"Mfuko wa kuwasaidia wagonjwa umepungua. Tunamwomba kila mwenye uwezo atoe mchango wa hiari kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna kiwango kilichowekwa. Anayetaka kuutoa kama sadaka kwa ajili ya Mungu, nia ni yake. Mchango huu hauchukui nafasi ya zaka, kwa kuwa fedha za mfuko humsaidia mwanachama yeyote anayeugua, mwenye nacho na asiye nacho."

Neno zaka limebaki, kama unavyoona, ila limegeuzwa upande. Likisemwa kwa kukanusha linafanya kazi ileile kwa wote wawili: Mkristo anajua ya kanisani iko palepale, Mwislamu anajua nguzo yake haijaguswa. Safari hii swali pekee lililomfikia mweka hazina lilikuwa kama mtu anaweza kulipa kwa awamu mbili.